Malimbikizo ya pensheni: gawanya kwanza hela iliyoingia ndo uandike barua

Wastaafu wengi hapa Tanga pensheni ikichelewa wanadai "hela yangu" kwa ujumla, yaani mkupuo na malimbikizo vyote kwenye kapu moja, halafu hela ikishaingia wanashindwa kujua kama imetimia au imepunjwa. Mkupuo unalipwa mara moja. Malimbikizo ni pensheni za kila mwezi zilizolala tangu siku uliyostaafu mpaka mwezi ulioanza kulipwa, na hapo ndo pa kushika sana: unahesabu tangu kustaafu, sio tangu faili lilipopitishwa. Faili likikaa miezi sita kwenye meza ya mtu, hiyo miezi sita bado ni yako.

Kikokotoo cha PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kiko hivi. Chukua wastani wa mshahara wako wa mwaka (ule wa miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho), zidisha kwa miezi uliyochangia, gawa kwa 580. Jibu ndo pensheni yako ya mwaka kabla haijakatwa mkupuo. Kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ilikuwa inatoa mkupuo wa asilimia 50, sasa hivi mkupuo wao ni asilimia 40 ya hiyo pensheni ya mwaka ikizidishwa kwa 12.5, na ile 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12 ndo inakuwa ya mwezi.

Shangazi yangu wa Makorora alistaafu mwisho wa Agosti, hela ikaja kuingia Machi. Namba nazilainisha kidogo ila hesabu ni ileile. Mkupuo 34,800,000 na malimbikizo pamoja na mwezi wa Machi wenyewe 2,436,000. Akaniambia, "Mwanangu, si imeingia yote hii, tumshukuru Mungu." Nikamwambia shangazi subiri kwanza tugawanye. Septemba mpaka Machi ni miezi saba, 2,436,000 gawa kwa 7 unapata 348,000 kamili, kwa hiyo miezi haijaruka hata mmoja. Ingekuwa haigawanyiki vizuri ningejua kuna mwezi umeliwa, au amestaafu katikati ya mwezi kwa hiyo kuna siku za nusunusu.

Sasa kuna kitu kwenye kundi la asilimia 40 watu hawakijui: mkupuo unatoka mara 100 ya pensheni ya mwezi, piga mwenyewe utaona. 34,800,000 na 348,000 zinaongea lugha moja, kwa hiyo hesabu ya mfuko ilikuwa sawa kabisa. Kama kuna tatizo, lazima liwe kwenye kilichoingizwa, yani mshahara au miezi.

Wastani wake wa mwaka ulikuwa 11,600,000, huo uko sawa na salari slipu. Miezi ndo ikatoa siri, kwenye barua ya malipo imeandikwa 348 wakati yeye kafanya kazi miaka 30 bila kukatika, yani 360. Mwaka mmoja umepotea, na ni ule aliohamishwa kituo, mwajiri mpya hakupeleka michango kwa jina lake sawasawa. Kwa miezi 360 pensheni ya mwaka inakuwa 7,200,000, mkupuo 36,000,000, ya mwezi 360,000. Unaona, kapungukiwa 1,200,000 kwenye mkupuo na 12,000 kila mwezi, na hiyo 12,000 ndo inauma zaidi maana inamfuata maisha yake yote.

Barua yake haikuwa na malalamiko. Iliandika jina, namba ya uanachama, tarehe ya kustaafu, miezi iliyohesabiwa na miezi anayodai, ikaambatanishwa nakala ya barua ya malipo, barua ya uhamisho, na salari slipu za ule mwaka zinazoonyesha makato ya mchango (hizo ndo silaha, kama unazo kwenye bahasha ya zamani usichome). Kisha ikaomba vitu vitatu kila kimoja peke yake: tofauti ya mkupuo, tofauti ya kila mwezi tangu Septemba, na pensheni mpya kuanzia mwezi marekebisho yatakapoingia. Ukiomba tu "marekebisho" unaweza kupandishiwa ya mbele, ya nyuma ikasahauliwa.

Nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Na anayekwambia ana mtu wake ndani umpe asilimia, achana nae.

Marekebisho yakaingia Julai. Nyuma, Septemba mpaka Juni, ni miezi kumi, 120,000 jumlisha 1,200,000, yani 1,320,000, na mwezi wa Julai wenyewe ulikuja ukiwa 360,000. Mwenzako akipata ujumbe wa benki wa namna hiyo mwambie naye agawanye kabla ya kwenda kutoa.