Madai saba, waraka mmoja

*Swali: Tumeandika waraka wa kurasa nne kwa halmashauri kuhusu maji yanayokuja yanapotaka. Una madai saba na sahihi 112. Diwani anasema tubakize dai moja. Tubakize lipi, na yale mengine tuyatupe?*

Nimeusoma waraka wenu. Dai lenyewe mmelificha ukurasa wa tatu, katika sentensi hii: "Tunaomba mtuangalie kwa jicho la huruma, mabomba chakavu yabadilishwe, bili zipungue na maji yapatikane kwa uhakika haraka iwezekanavyo." Halmashauri ikijibu "tunalifanyia kazi", mtakuwa mmejibiwa, na bomba litabaki kavu.

Mimi hulipima dai kwa swali moja: baada ya mwezi, mtoto aliyetumwa na ndoo anaweza kuona kama limetimizwa? "Uhakika" hauonekani. Mabomba mapya ni ya bajeti na zabuni, hayaji ndani ya mwezi. Ratiba ya mgao inaonekana: maji yametoka siku iliyotangazwa au hayakutoka. Ningeandika hivi, tena aya ya kwanza kabisa:

"Tunaiomba halmashauri, ndani ya siku 30 tangu kupokea waraka huu, ihakikishe ratiba ya mgao wa maji kwa mtaa wetu inatangazwa, ikionyesha siku na saa, na inafuatwa."

Nimeandika "ihakikishe" kwa sababu pengine maji hayaendeshwi na halmashauri yenyewe. Kama yanaendeshwa na chombo kingine, andikeni "iitake" kisha mkitaje chombo hicho, la sivyo waraka utarudishwa kwamba umekosea mlango.

Yale sita msiyatupe. Yanayothibitisha dai yageuzeni ushahidi. Mmelalamika kwamba watu wanakesha wakisubiri maji. Hilo linaeleza kwa nini saa itajwe. Lipeni uzito kwa daftari: nyumba tatu, moja bondeni, moja katikati, moja juu ya kilima, kila moja iandike kwa siku 14 maji yalipoanza na yalipokatika. Ya kilimani ndiyo itakayosema zaidi, maana presha ikishuka huko ndiko maji hukosekana kwanza.

Bili iandikieni barua yake. Najua inauma, na mna hoja: bomba lililokauka likianza kujaa, hewa hutangulia na inaweza kuzungusha mita. Lakini mkiiweka humu, kikao kitajadili bili, na ratiba itasahaulika. Lugha chafu ya wasoma mita nayo ni lalamiko la kiutumishi, si la waraka huu.

Sasa zile sahihi, na hapa nitawaudhi. Watu 112 walisaini madai saba, na karatasi zenu za sahihi hazina hata neno moja la dai juu yake. Mkizibandika kwenye waraka mpya, mtu mmoja tu akisimama kikaoni kusema "mimi sikusaini hili", zote zitatiliwa shaka. Chapisheni dai jipya juu ya kila karatasi, mpite tena nyumba kwa nyumba. Hata mkirudi na sahihi 80, hizo zitasimama.

Mkiwasilisha, bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.