Densiti iliyofichwa ndani ya integrali

"Nimepewa f(x) = c∫ₓ^∞ e^(−t²) dt kwa x > 0, na 0 kwingineko. Natafuta c na E(X), ila ile integrali ya ndani haitoki. Nifanyeje?"

Ndugu, haitoki kweli. Hiyo e^(−t²) haina antiderivativi ya kawaida, kwa hiyo usihangaike nayo. Eneo lote chini ya f lazima liwe 1, na kulitafuta kunaleta integrali mbili, ya x na ya t. Badilisha mpangilio wake: anza na x, t ifuate. Hilo linaruhusiwa kwa sababu kila kitu hapa ni chanya.

Wengi huteleza kwenye mipaka. Chora eneo lenyewe: x > 0 na t > x, yaani sehemu iliyo juu ya mstari t = x. Ukishika t moja, x inatembea kutoka 0 hadi t, siyo hadi ∞. Ukiiacha ifike ∞, jibu litalipuka, na hapo utajua umekosea.

Integrali ya 1 kutoka 0 hadi t ni t. Basi:

c∫₀^∞ t e^(−t²) dt = c/2 = 1

Hivyo c = 2. Ile t iliyojitokeza ndiyo iliyokuokoa, maana sasa u = t² inafanya kazi.

Kwa E(X), ndani kuna x, na integrali yake hadi t ni t²/2:

E(X) = 2∫₀^∞ (t²/2) e^(−t²) dt = √π/4 ≈ 0.443

Hapa tumia integrali kwa sehemu, ukigawa t² e^(−t²) kuwa t mara t e^(−t²); inabaki nusu ya ∫₀^∞ e^(−t²) dt, yaani nusu ya √π/2.

Usishtuke kuona f(0) = √π, kama 1.77. Densiti inaweza kuzidi 1. Eneo lake ndilo haliwezi.