Maswali na Majibu: Jina la Mafuta Lisomeke Kutoka Ng'ambo ya Rafu

Lebo yetu inapendeza ukiishika mkononi, lakini chupa ikiwa rafuni jina halisomeki kwa mtu aliye mbali. Chupa ni ya duara, lita moja, kipenyo milimita 80. Jina ni "Chemchemi". Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Anza na umbali. Mtu mwenye macho mazima huweza kutambua herufi ya milimita 4.4 kutoka mita tatu, kwa shida, akiwa amesimama na kukaza macho. Kipimo hicho kinatokana na ubao wa macho uliobuniwa na Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, mwaka 1862. Mnunuzi hakazi macho. Anapita, na mara nyingi miwani iko mfukoni. Kwa kazi ya lebo mimi hugawanya umbali kwa 200, kwa hiyo mita tatu zinadai herufi ya milimita 15.

Hapo ndipo chupa ya duara inapoleta mgogoro. Mzingo wa chupa yenu ni kama milimita 251. Kwenye kompyuta lebo imelala bapa, kwa hiyo mnaweza kutandaza jina hata milimita 120 na likapendeza. Likishazungushwa kwenye chupa, herufi za pembeni zinageukia ubavuni. Iliyoko nyuzi 45 kutoka katikati inaonekana na upana wa takriban saba ya kumi tu, na iliyoko nyuzi 60 inabaki nusu. Eneo ninaloliamini ni nyuzi 45 kila upande, yaani robo ya mzingo: milimita 63.

Sasa pimeni jina lenu. CHEMCHEMI kwa herufi kubwa za upana wa kawaida, pamoja na nafasi kati yake, lina urefu wa karibu mara saba ya kimo cha herufi. Ukiliingiza kwenye milimita 63 unapata herufi ya milimita 9, na mlihitaji 15. Tatizo lenu ni hilo, wala si rangi au fonti.

Bahati nzuri jina lenyewe linajirudia, hivyo linakatika vizuri: CHEM juu, CHEMI chini. Mstari mrefu sasa una herufi tano, na mojawapo ni I, ambayo haili nafasi. Unakuwa mara 3.6 ya kimo, na herufi inapanda hadi milimita 17. Mistari miwili na nafasi kati yake itachukua kama milimita 40 za kimo cha lebo, nafasi ambayo chupa ya lita moja inayo. Jina ambalo halikatiki hivi, kwa mfano neno moja refu lisilo na mapumziko ya asili, lina njia ngumu zaidi. Wengine huliandika kwa kulisimamisha wima. Silipendekezi, kwa sababu msomaji analazimika kuinamisha kichwa, na anayepita hafanyi hivyo.

Mbunifu wetu anasema tusikate jina. Atatumia fonti nyembamba iliyobanwa, na nene sana ili ionekane. Yuko sahihi?

Kimo kitaongezeka, ni kweli. Lakini jicho la mbali halisomi wino peke yake, linasoma pia matundu yaliyo kati ya wino. Tazama E: ina mistari mitatu ya kulala na mapengo mawili. Kwenye ubao wa Snellen kila mstari na kila pengo ni sehemu moja ya tano ya kimo, vyote sawa. Ukiunenepesha mstari, pengo linapungua, na kutoka mbali E inakuwa kisanduku cheusi. M iliyobanwa inajifunga vilevile katikati, na jina lenu lina E mbili na M mbili.

Kwa herufi ya milimita 17, mstari wa unene wa milimita 3 hivi unatosha. Kama herufi ni nyeupe juu ya rangi nyeusi au ya giza, punguza unene kidogo na uongeze nafasi kati ya herufi, kwani weupe huonekana kutanuka.

Kuhusu herufi ndogo, "chemchemi" lina tatizo lake: c na e ni vigumu kuzitofautisha kwa mbali, na jina zima limejengwa kwa hizo. Kwa jina jingine ningeweza kuamua tofauti. Kwa hili, herufi kubwa.

Tumetumia lebo ya plastiki isiyo na rangi ili mteja aone mafuta yalivyo safi. Jina ni jeupe. Kwa nini linafifia?

Kwa sababu nyuma yake kuna manjano yenye mwanga. Manjano ni rangi ya pili kwa kung'aa baada ya nyeupe. Kwa vipimo vya kioo cha kompyuta, manjano kamili na nyeupe hutofautiana kwa uwiano wa 1.07 kwa 1 tu, ambao ni karibu na kutotofautiana kabisa. Isitoshe, wino mweupe mwembamba hupitisha mwanga, kwa hiyo jina lenyewe linanyonya umanjano wa mafuta.

Kuna jambo jingine ambalo wengi huligundua baada ya kuchapisha. Chupa ya duara iliyojaa mafuta hufanya kazi kama lenzi. Maandishi ya lebo ya nyuma hupenya, yakatanuka na kuvuruga jina la mbele.

Acheni dirisha la kuonyesha mafuta juu na chini, lakini jina liwe juu ya bamba lisilopitisha mwanga: kiwanda kichape kwanza tabaka la wino mweupe mzito, kisha rangi ya giza juu yake, halafu jina libaki jeupe. Kijani cha giza au buluu ya giza hufaa. Jihadharini na nyekundu juu ya kijani. Zinaonekana tofauti sana mkiwa karibu, ila mwangaza wake unaweza kukaribiana mno, na watu wasiotofautisha rangi hizo hawataona kitu. Pigeni picha ya lebo, iondoeni rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Jina likizama humo, litazama na rafuni.

Tunajaribuje kabla ya kulipia uchapaji?

Kwenye kompyuta, punguza lebo hadi asilimia 20 ya ukubwa halisi na uitazame ukiwa sentimita 60. Ni sawa na kuitazama kutoka mita tatu: herufi ya milimita 15 inakuwa milimita 3. Kipimo hiki hukamata makosa makubwa, lakini hakionyeshi mzunguko wa chupa. Kwa hiyo chapa kwa ukubwa halisi, zungushia chupa iliyojaa, iweke katikati ya chupa za wengine, kisha mlete mtu asiyelijua jina. Nyie hamfai, macho yenu yanalijaza jina hata lisipoonekana. Mwambie atembee huku akitazama na asome anachokiona. Akisema "Chenchemi", nenda kachunguze M.

Lebo ya kung'aa au isiyong'aa?

Isiyong'aa. Taa za dukani ziko juu, na kwenye chupa ya duara mwako wake hujivuta kuwa mstari mweupe wa wima, mara nyingi ukipita katikati ya jina. Ila msichague karatasi tupu kwa kukwepa mwako, maana tone moja la mafuta huipenya na kuacha doa linalopitisha mwanga. Ombeni plastiki yenye tabaka la juu lisilong'aa, na iguseni sampuli kwa vidole vyenye mafuta kabla ya kukubali.