Usitie reakta nusu ya stepu! Mimi nilifanya hivyo na benki ya kapasita ikaungua

*"Tuna benki ya kapasita, stepu 8 za kVAr 50, kapasita za 440V, transfoma 1000 kVA. Draivu ni nyingi, fyuzi zakatika kila wiki, muuzaji asema ni hamoniki. Bajeti inatosha reakta nne tu za 7%. Nikizitia kwa stepu nne, zile nyingine zibaki hivyo hivyo, itasaidia?"*

Simama hapo hapo ndugu yangu, usilipe hata shilingi moja kabla hujanisoma. Hiyo ni transfoma yangu, ni benki yangu, na hiyo shauri ya reakta nne ndiyo ile ile niliyopewa mimi Changamwe. Nimesoma swali lako moyo ukaniruka.

Kiwanda chetu ni cha mabomba ya plastiki, mashine zile za kuvuta plastiki zina draivu za disii za zamani, za thairista, kwa hivyo pawa fakta ilikuwa mbovu na hamoniki tele kwa wakati mmoja. Benki ya kwanza ilikuwa kama yako, stepu nane bila reakta hata moja. Fyuzi zilikuwa zikikatika saa nane tisa mchana, asubuhi hakuna neno. Baadaye ndio nikaelewa kwa nini mchana: ndio wakati mashine zote ziko juu na kontrola imeingiza stepu zote nane. Hesabu ni ya dakika moja, Ssc ni nguvu ya shoti ya transfoma, Qc ni kVAr za kapasita zilizo ndani, n ni mara ngapi ya 50 Hz. Transfoma yetu ilikuwa na impidansi ya 5%, angalia ya kwako kwenye kibati chake:

```
Ssc = 1000 / 0.05 = 20000 kVA
n = sqrt(Ssc / Qc)
400 kVAr:  n = sqrt(50)  = 7.07  ->  354 Hz
200 kVAr:  n = sqrt(100) = 10    ->  500 Hz
```

Draivu za pasi sita zinatoa hamoniki, yaani mikondo ya mara 5, 7, 11, 13 ya 50 Hz na kuendelea. Sasa tazama hiyo 7.07. Stepu zote nane zikiingia, kapasita na transfoma zinaimba pamoja, hiyo ndiyo resonansi, pale pale kwenye ya saba, 350 Hz. Kwa hivyo muuzaji akikwambia ni hamoniki hajakosea. Hata wangu hakukosea hapo. Alikosea baada ya hapo, na mimi nikamfuata.

Alikuja na karatasi yake imepigwa hesabu vizuri, akaniambia "mzee, reakta nane ni pesa nyingi, tia nne, stepu nne zibaki, mia mbili bila reakta resonansi yake ni ya kumi, na ya kumi draivu haitoi, uko salama." Nikaangalia ile 10, nikaona kweli, ya kumi haimo kwenye orodha ya hamoniki za draivu. Bosi akaona bei imeshuka nusu, akatia saini. Hata sasa nikikumbuka napata hasira, kwa sababu yule jamaa anauza hivi vitu kila siku na alipaswa kujua, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa benki ambayo haipo. Alihesabu zile nne tupu kana kwamba zile nyingine nne zenye reakta hazimo ndani ya kabati.

Elewa reakta inafanya nini. Ya 7% ikifungwa na kapasita yake, ile stepu inakuwa imetuniwa 189 Hz. Chini ya 189 ni kapasita, ndio inakupa kVAr zako kwa 50 Hz. Juu ya 189 inageuka, inakuwa koili. Na koili haiwezi kuimba na transfoma, kwa sababu transfoma nayo ni koili. Ndio maana inafanya kazi: hamoniki ya kwanza ya draivu ni ya tano, 250 Hz, na ikifika hapo stepu zako zote zimeshageuka koili, hakuna kapasita iliyobaki ya kucheza nayo.

Lakini ukiacha nne tupu, hapo juu ya 189 umebaki na kapasita nne tupu upande mmoja, na upande wa pili transfoma pamoja na koili zako mpya nne, zote kwenye basba moja. Koili zikikaa sambamba jumla yake inapungua, na ikipungua resonansi inapanda. Nilipokuja kuihesabu mwenyewe usiku, na transfoma ile ile, 200 yenye reakta na 200 tupu, ikatoka 10.73. Yaani 537 Hz. Na ya kumi na moja ni 550! Tulitoa pesa kuondoa resonansi kutoka ya saba tukaipeleka mlangoni kwa ya kumi na moja.

Siku ya kuwasha kila mtu alifurahi, cos φ ikasoma 0.97. Wiki ya pili nikasikia benki inalia sauti nyembamba, si ule mngurumo wa kawaida, nikasema labda ni reakta mpya. Nisingesema hivyo ningeokoa pesa. Wiki ya tatu nikafungua kabati, kapasita mbili za stepu tupu vifuniko vimevimba juu kama mkebe wa maziwa ulioharibika, na kontakta ya stepu ya sita ndimi zake zimegandana. Hapo ndio nikachukua klampu nikapima kila stepu. Stepu zenye reakta zilikuwa sawa. Zile tupu, ambazo kwa 415V zinapaswa kuvuta ampea 70 hivi, moja ilisoma 98, nyingine 101. Kapasita zetu za 440V kibati kilisema ampea 74, na kikomo cha kapasita za namna hii ni mara 1.3 ya hiyo, kama 96. Tulikuwa tumeshapita. Na tafadhali tumia klampu inayosoma ar-em-es halisi, ile ya bei rahisi itakudanganya, mimi ya kwanza ilinisomea 80 nikalala usingizi.

Tukaazima analaiza ya kurekodi. Benki ikiwa imezimwa, THD ya volti, yaani jumla ya hamoniki zote, 4%. Benki nzima ndani, 10%, na karibu yote ni ya kumi na moja. Hakuna ushahidi mwingine unaohitaji zaidi ya huo: zima benki pima, washa pima, hamoniki moja ikiruka peke yake hiyo ni resonansi. Na kibaya zaidi kontrola inazungusha stepu, leo inaanza na hii kesho na ile, kwa hivyo mchanganyiko wa tupu na za reakta unabadilika kila saa na resonansi inahama nao. Huwezi kuipima mara moja ukasema iko salama. Tulipoteza kapasita saba, kontakta tatu, na draivu moja ikawa inatripu ovyo mpaka tulipozima benki yote, halafu tukakaa miezi miwili tukilipa faini ya pawa fakta chini ya 0.9 kwenye bili.

Kwa hivyo sheria yangu ni moja: kwenye basba moja, stepu zote ziwe na reakta na zote asilimia ile ile, au hakuna kuwasha. Hakuna nusu.

Sasa utaniambia bajeti. Hebu kwanza uliza kama unazihitaji hizo 400. Sisi tulipima vizuri, mzigo kilele kilikuwa kW 560 kwa cos φ 0.80. Kufika 0.95:

```
Q = 560 x (0.750 - 0.329) = 236 kVAr
```

Stepu tano za 50 zinatosha, tukaweka sita tuwe na nafasi. Ile 400 ilikuwa ni ya mtu kuuza tu. Na ukipima, soma cos φ ya 50 Hz, ile analaiza inaiandika DPF, usisome PF ya jumla. PF ya jumla inashuka pia kwa sababu ya hamoniki zenyewe, na hiyo kapasita haiirekebishi hata utie elfu moja. Kama draivu zako ni za kisasa, zile za daiodi mbele, unaweza kukuta DPF yako iko juu tayari na wewe unanunua kapasita za bure.

Halafu usizitumie kapasita zako za 440V nyuma ya reakta. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wananunua reakta peke yake. Reakta inapandisha volti ya kapasita:

```
Uc = 415 / (1 - 0.07) = 446 V
```

Hiyo ni siku laini iko 415 kamili. Jumapili kiwanda kimelala laini yetu inafika 430, ukigawanya ni 462, na hamoniki bado hujaziongeza juu yake. Kapasita ya 440 haitadumu, hasa na joto la chumba cha umeme huku kwetu mwezi wa tatu. Sisi tulichukua za 525V. Ila za 525 ukizilisha volti ndogo zinatoa kidogo, kwa hivyo ili upate 50 halisi kwa 415 unaagiza iliyoandikwa kubwa zaidi:

```
Qn = 50 x 0.93 x (525/415)^2 = 74.4 kVAr
```

Agiza kapasita na reakta kama seti kutoka kwa mtengenezaji mmoja, mwambie 50 kVAr kwa 415V, 50 Hz, 7%, akupe jozi zinazolingana. Usikubali mtu akuokotee reakta huku na kapasita kule, ile 189 inatoka kwa hizo mbili kuendana. Kila reakta ina swichi ya joto ndani yake, waya mbili nyembamba, hizo zipitishwe kwa koili ya kontakta ya stepu yake ili ikipata moto ikate. Kwetu fundi alizikunja akazifunga kwa tepu akasema si za lazima. Nilimrudisha azifunge mbele yangu.

Na ukimaliza, pima ampea za kila stepu, fezi tatu zote, uandike kwa kalamu kwenye mlango wa kabati. Sisi kila stepu ina kapasita mbili sambamba. Moja ikifa kimya kimya, nusu ya kapasita imeondoka na 189 inapanda mpaka 267, imeruka ya tano yote, na reakta uliyoilipia haikulindi tena. Kwenye kontrola huoni kitu, inaona tu kVAr zimepungua inaingiza stepu nyingine. Kwenye klampu utaona, ile stepu iliyokuwa 70 imeshuka. Mimi napima Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, dakika ishirini. Mwaka jana nimekamata mbili hivyo kabla hazijavimba.

Tuma picha ya kibati cha transfoma na ya kibati cha kapasita moja hapa, nitakupigia hesabu ya yako. Na huyo muuzaji mwambie asubiri.