Barua ya kumkumbusha mteja wa siku zote: ankara imepita wiki mbili

Karakana yangu ya majokofu iko Kirumba, Mwanza, na wateja wangu ni wa aina mbili. Kuna wachuuzi wa samaki wa soko la Mwaloni, ambao deni lao halihitaji barua. Unapita asubuhi mzigo ukishuka, unasalimia, unauliza hali ya biashara, na kabla hujafika kwenye neno "hela" mwenyewe ameshakwambia njoo saa nne. Halafu kuna hoteli. Hoteli ina mhasibu, mtunza stoo, meneja na mwenye mali, na karatasi yako lazima ipite kwa wote. Hapo ndipo barua inapohitajika, na hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza.

Mwaka mmoja hoteli moja ya ufukweni ilichelewa kunilipa. Nikamwandikia meneja ujumbe wa wasapu saa tano usiku, mrefu, wenye ada za watoto ndani yake na maneno "mnanidharau". Alijibu kwa neno moja: "Nimeona." Baadaye nikagundua ankara yangu haikuwahi kumfikia mhasibu. Niliiacha mapokezi, binti aliyeipokea akaenda likizo ya uzazi, nayo ikabaki kwenye droo. Nilimgombeza mtu asiyejua hata kwamba namdai. Hela nililipwa, ila kazi ya mashine yao ya barafu alipewa fundi mwingine.

Tangu hapo, mteja wa kila mwezi akichelewa wiki mbili, ninaanza na dhana kwamba karatasi imekwama mahali. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Hoteli nyingi ninazozijua zina siku maalumu ya kulipa wauzaji, tuseme Ijumaa. Ijumaa moja ikipita, huenda mwenye sahihi ya pili alikuwa Dar. Zikipita mbili, kuna kitu kinakosekana kwenye faili, na mhasibu hatakupigia kukuambia, ana mafaili mengine arobaini. Kwa hiyo barua yangu kazi yake ni moja: kumfanya aseme nini kinakosekana, au atalipa lini.

Nichukue mfano mmoja. Nilihudumia vyumba viwili vya baridi vya hoteli moja na kubadilisha mota ya feni. Ankara ya tarehe 5 Mei: ufundi shilingi 500,000, mota 380,000, gesi 360,000, jumla 1,240,000. Makubaliano yetu ni siku 30, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa 4 Juni. Angalia hapa, maana watu hukosea: wiki mbili zinahesabiwa kuanzia 4 Juni, si kuanzia siku ulipoandika ankara. Barua niliituma Jumatano ya 18 Juni asubuhi, kwa sababu vocha za Ijumaa huandaliwa Alhamisi. Ukiituma Ijumaa mchana umejipotezea wiki.

Hii ndiyo barua yenyewe, niliyoituma kwa barua pepe kwa mhasibu:

"Ndugu Mhasibu,

YAH: ANKARA NAMBA 118 YA TAREHE 5 MEI, SH. 1,240,000

Habari za kazi. Ninaandika kuhusu ankara tajwa, ya matengenezo ya vyumba viwili vya baridi na mota ya feni. Kwa makubaliano yetu ya siku 30 ilipaswa kulipwa tarehe 4 Juni, na hadi leo asubuhi sijaona malipo kwenye akaunti.

Inawezekana imeshaandaliwa na barua hii imepishana nayo; kama ndivyo, naomba radhi kwa usumbufu. Kama bado, naomba unijulishe imepangwa kulipwa tarehe ngapi, au kama kuna karatasi inayokosekana ili niilete.

Nimeambatisha nakala ya ankara na hati ya makabidhiano ya kazi. Akaunti ni ileile iliyo kwenye ankara. Nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumatano, 25 Juni.

Wako,
Fundi wa majokofu, Kirumba"

Namba ya simu ilikuwa chini ya jina langu. Basi, hakuna zaidi.

Kichwa cha YAH kina namba, tarehe na kiasi kwa sababu mhasibu anatafuta faili kwa hivyo vitu vitatu. "KUMBUSHO LA DENI" haimsaidii kupata chochote, na akiisoma mbele ya bosi inamwaibisha. Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliyofundishwa shuleni nimeiacha. Si kosa, ila kwa mtu mnayesalimiana kila mwezi inanuka mahakama.

Sentensi ya kupishana na malipo wengine huiona ya kujishusha. Mimi naipenda, kwa sababu inampa mhasibu mlango wa kutokea bila kudanganya. Hata kama hakuandaa chochote, atakwenda kuandaa.

Kuhusu akaunti, kuwa mwangalifu. Kama umebadilisha benki, usiseme hivyo ndani ya barua ya kukumbusha. Barua pepe inayodai hela na papo hapo kuleta akaunti mpya ndiyo sura ya utapeli, na mhasibu makini ataisimamisha mpaka akuone uso kwa uso. Peleka taarifa hiyo mwenyewe, mapema, kwa barua yenye sahihi.

Usitaje riba isiyokuwemo kwenye makubaliano, na usimtumie mwenye mali nakala. Ukimpita mhasibu wiki ya pili tu, huyo ndiye atakayeshika karatasi zako miaka yote inayokuja.

Jibu lilikuja kesho yake kwa simu. "Fundi, hati yako haina sahihi ya stoo. Imesainiwa na msimamizi wa zamu, hiyo mimi siwezi kuipitisha." Kweli, nilimaliza kazi saa mbili usiku, stoo imefungwa. Nikapeleka hati siku hiyohiyo, mtunza stoo akatazama mota ya zamani niliyomwachia, akasaini.

Dalili kwamba karatasi imekwama kweli ni hiyo: unatajiwa kitu unachoweza kukishika. Ukijibiwa "tunashughulikia" bila tarehe, na wiki hiyohiyo wanakuita kwa kazi mpya, hapo tatizo ni hela, hazipo. Mimi simkatalii mteja wa miaka minne, ila vipuri vya kazi mpya anavinunua yeye kwanza. Na Ijumaa ya tatu ikipita kimya siandiki barua ya pili, ninapiga simu na kuomba nije ofisini.

Mhasibu wa hoteli alilipa Ijumaa ya 27 Juni. Iliingia 1,215,000, na kama hujui unaweza kurusha barua nyingine ya hasira kwa ile 25,000. Ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya ufundi, wameikata kuipeleka TRA. Ndiyo maana ufundi na vipuri ninaviandika mistari tofauti. Nikivichanganya, wanakata kwenye jumla yote. Unachodai hapo ni hati ya zuio, ili kiasi hicho kihesabiwe kwenye kodi yako ya mwaka. Yangu ilichukua siku nyingine kumi, na hiyo niliiomba kwa mdomo, siku nilipokwenda kuwapelekea risiti.