Masharti niliyomwandikia dalali kuhusu kumchuja mpangaji

"Nina nyumba ya vyumba viwili Tabata lakini ninaishi Mwanza. Dalali ndiye atakayenitafutia mpangaji. Nimwelekeze amchuje vipi, na akague nyaraka gani?"

Ndugu, nami nilikuwa mbali na nyumba yangu ya Kimara, na kosa langu lilikuwa kumwambia dalali kwa simu anitafutie "mtu mzuri". Kwa kuwa dalali hulipwa kodi ya mwezi mmoja mpangaji anapoingia, mtu mzuri kwake ni yule mwenye fedha ya miezi sita mkononi leo. Siku hizi ninamwandikia masharti, na funguo zinakaa kwa dada yangu mpaka nyaraka nizione mwenyewe.

Kipato nimekitaja kwa tarakimu: kodi ni 300,000 kwa mwezi, hivyo mwombaji awe anabakiwa na angalau 900,000 baada ya makato. Mwajiriwa analeta hati ya mshahara pamoja na taarifa ya benki ya miezi mitatu, na dalali hapokei moja bila nyingine. Niliwahi kuletewa hati ya kampuni binafsi yenye mshahara wa 1,200,000 kabla ya makato, lakini NSSF imekatwa 60,000 tu, ilhali mchango wa mwajiriwa kwa kawaida ni asilimia 10, yaani 120,000. Hilo peke yake halikutosha kumhukumu, maana wapo waajiri wanaobeba sehemu kubwa zaidi. Taarifa ya benki ndiyo iliyomaliza ubishi, kwani kila mwezi mshahara ulioingia ulikuwa 540,000. Mwenye duka au bodaboda hana hati ya mshahara, basi alete taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita.

Kitambulisho cha NIDA dalali akishike kwa mkono, si picha ya simu, alinganishe sura, kisha asome namba: ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ambazo lazima zilingane na tarehe iliyo kwenye kadi. Nakala anitumie mimi tu, kisha aifute.

Barua ya serikali ya mtaa anakotoka naitaka, ingawa inathibitisha makazi tu, haisemi kama alikuwa akilipa. Kwa hilo ninampigia mwenye nyumba wa zamani mwenyewe, na simtajii chochote: ninamwuliza kodi ilikuwa kiasi gani na mkataba uliisha mwezi gani, kisha ninalinganisha na mkataba wa zamani. Rafiki aliyepangwa kujifanya mwenye nyumba hukwama hapo.

Mwisho, mwandikie dalali kwamba haongezi masharti yake. Wangu alikuwa akiwakataa wanawake wasioolewa kwa jina langu, nami nililijua hilo kwa jirani.