Saumu ndani ya mafuta: usiipange kabatini

"Nimemenya saumu kilo moja, nataka kuiloweka kwenye mafuta ya alizeti pamoja na rozimari mbichi, nipange chupa kabatini. Itakaa muda gani? Na chupa ya nusu lita niuze bei gani?"

Usiweke kabatini, dada. Hata siku moja.

Mimi nilifunga chupa 40 hivyo hivyo, nikauza 28. Punje nilizipitisha kwenye mafuta ya moto hadi zikachemka, nikaamini vijidudu vyote vimekufa. Wiki ya tatu mteja mmoja anayefanya kazi maabara ya vyakula akanipigia: "Uliitia tindikali?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza. Saumu inatoka udongoni na inaweza kuja na mbegu za bakteria wa botulizimu. Mbegu hizo zinastahimili maji yanayochemka, na ndani ya punje yenye majimaji joto halipandi sana kupita hapo, hata mafuta yawe moto vipi. Kisha mafuta yanaizibia hewa, na bakteria huyu anataka pasipo hewa. Saumu haina uchachu wa kumzuia, na joto la jikoni linamfaa. Anatoa sumu, na chupa inabaki safi, inanukia vizuri, ladha ile ile. Usionje kupima.

Nilizunguka siku mbili kukusanya chupa. Mama mmoja alikuwa ameshampikia mtoto. Siku kumi nilimpigia asubuhi na jioni: anaona vitu viwiliviwili? Kope zimelegea? Anameza vizuri? Anatamka sawasawa? Dalili mojawapo ikitokea ni kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo, maana kulegea kunashuka hadi kwenye misuli ya kupumulia. Mtoto alisalimika, namshukuru Mungu, lakini usingizi wangu wa siku zile sitausahau.

Yule mwalimu wa video aliyetuambia "mafuta yanahifadhi" bado ananikasirisha. Mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa saumu iliyokaa kwenye mafuta nje ya friji katika mgahawa. Angetafuta kidogo tu angeliona hilo kabla ya kufundisha watu.

Ukitaka saumu mbichi au rozimari mbichi, pasha kiasi cha kula siku chache, chuja, tia friji mara moja, nyuzi 4 au chini ya hapo, na ndani ya siku 4 iwe imekwisha. Kuchuja peke yake hakutoshi kukuruhusu kuiacha mezani. Inayobaki igandishe kwenye trei ya barafu. Kamwe usiiache nje, hata kama umekamulia limau, maana tindikali inayotosha hupimwa, na hupenya punje polepole.

Ya kukaa kabatini ni saumu na rozimari zilizokauka kabisa. Saumu ikivunjwa ilie "kak", isipinde. Bila maji bakteria haoti.

Hiyo kilo uliyomenya, itie friza leo.